Wakazi wa Nyota Tano na Namna ya Kuwatambua

Kuna nchi moja ambayo haikuwamo kwenye ramani yoyote niliyochorewa shuleni, lakini raia wake wananunua vitu kuliko sisi sote. Jikoni kwao hakuna sufuria lenye masizi wala ndoo ya maji ya akiba. Dirisha liko kushoto siku zote, na jua la saa mbili asubuhi halisogei hata kidogo. Juu ya meza ya marumaru kuna ndimu iliyokatwa nusu, ambayo hakuna aliyewahi kuikamua. Umeme haukatiki. Wakinunua kitu mtandaoni wanakipenda siku hiyo hiyo, wanakipiga picha na kumtumia muuzaji pamoja na maneno yale yale: "Nimepokea mzigo wangu, asante sana, nitarudi tena." Nchi hiyo mimi naiita Nyota Tano.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa kawaida, yule anayeishi kwenye nchi zenye vumbi, ili aweze kuwatambua raia hao kwa picha zao. Nawaonya mapema kwamba ukishajifunza huwezi kusahau. Mimi nilishapoteza raha ya kuangalia tangazo lolote la sufuria.

Niliingia kwenye utaalamu huu kwa mlango wa jikoni wa mama mdogo, Mbagala. Alitaka birika la umeme la lita 1.8, lile la chuma kisichoshika kutu. (Hilo ndilo jina la chuma chenyewe. Kuhusu tabia yake tutazungumza baadaye.) Akanitumia kiungo cha duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja, na ambalo lenyewe halikai na jina moja kwa muda mrefu. Chini ya tangazo kulikuwa na picha nne za wateja.

"Mwanangu, wewe uliyesoma," aliniambia, "hebu niangalizie kama hawa ni watu."

Sikumcheka, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Wengi wetu tukitaka kulijibu tunaanza kuhesabu vidole. Tulifundishwa kwamba picha iliyotengenezwa na akili mnemba huwa na mkono wa vidole sita, na kweli ilikuwa hivyo kwa muda. Sasa mashine zimejifunza kuhesabu hadi tano, na anayeendelea kuhesabu vidole anafanana na mlinzi anayelala mbele ya mlango uliokwisha kuzibwa kwa matofali. Anza na swali jingine: picha hii ilipigwa ili ionyeshe nini?

Mtu wa kweli hasimami juu ya birika na simu mkononi bila sababu. Anataka muuzaji aone kifuniko kilivyobonyea. Au dada yake ameuliza kama birika lenyewe ni kubwa, basi ameliweka pembeni ya kikombe. Au aliagiza jeusi akaletewa jekundu. Picha yake ina kazi, na kwa kuwa ina kazi hajali kitu kingine chochote: kidole gumba kimeingia pembeni, taa inang'aa vibaya, nyuma kuna mtoto amelala na ndala moja mguuni. Picha ya Nyota Tano haina kazi ila kupendeza. Ukiishika hiyo, mengine yote ni kukuza picha kwa vidole viwili na kuwa na subira.

Tuanze na picha ya kwanza ya mama mdogo, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. Birika liko juu ya marumaru, ndimu ipo, na dirisha moja liko kushoto kwa nyuma likiingiza jua. Jina la mteja lilionyesha ni mama wa Kigoma. Sina ugomvi na marumaru za Kigoma. Ugomvi wangu ulikuwa na tumbo la birika.

Birika la chuma linalong'aa ni kioo kilichopinda. Linaona chumba kizima, pamoja na yule anayelipiga picha. Jaribu nyumbani: piga picha birika lako au sufuria jipya, kisha uikuze. Utajiona umesimama katikati ya tumbo lake, mwembamba kama mlingoti, mkono umeinuliwa, na mlango nyuma yako umepinda kama upinde wa mshale. Dirisha litaonekana kama utepe mweupe, upande ule ule dirisha lilipo. Huna pa kujificha. Wapiga picha za matangazo wanalijua hilo na linawasumbua, ndiyo maana hulizungushia birika vitambaa vyeupe na taa zilizofunikwa, moja kushoto na moja kulia, ili lisione kitu kingine. Matokeo yake ni mistari miwili mirefu myeupe iliyosimama wima, toka karibu na kifuniko mpaka chini kwenye kitako, na kingo nyeusi zilizonyooka. Mistari hiyo ni alama ya studio kama muhuri ulivyo alama ya ofisi ya kata.

Birika la mama wa Kigoma lilikuwa na mistari miwili, kushoto na kulia, imenyooka kama reli. Jikoni mwake dirisha ni moja, tena liko nyuma. Ndimu iliyowekwa sentimita kumi kutoka kwenye chuma haikuonekana kabisa kwenye chuma hicho. Yaani birika lilikuwa limekaa Kigoma lakini macho yake yalikuwa bado studio.

Kilichotokea ni rahisi. Muuzaji ana picha moja nzuri ya tangazo, ambayo pengine aliipata kwa mwenye kiwanda. Anaipa programu ya akili mnemba na kuiambia iweke birika hili jikoni kwa mtu. Programu inatengeneza jiko zima, marumaru, ndimu na jua, lakini birika lenyewe inaliacha lilivyo au inaligusa kidogo tu, maana kuligusa sana ni kulibadili. Kwa hiyo kipimo chake ni hiki: fungua picha ya tangazo na picha ya mteja, uziweke sambamba. Tazama mdomo umeelekea wapi, mpini umekaa vipi, mng'ao umepita wapi. Mteja halisi hawezi kusimama mahali pale pale aliposimama mpiga picha wa kiwanda, kwa kimo kile kile, akapata mng'ao ule ule. Ikitokea kwa mmoja, tuseme ni bahati. Wakiwa watatu kutoka mikoa mitatu, hao wamezaliwa na picha moja.

Kwa nguo kipimo hiki kinafanya kazi vizuri zaidi. Kunjo la kitambaa halijirudii. Mwanamke akivaa dera, akitembea hatua tatu na kusimama, makunjo ya kiunoni yameshabadilika. Ukiona dera moja limevaliwa na wateja wanne wa maumbo manne, na kwa wote kunjo lile la chini ya titi la kulia linaanza mahali pamoja na kuishia mahali pamoja, ujue dera ni moja na wanawake wamechorwa kulizunguka.

Picha ya pili ilikuwa na ujanja zaidi. Hapakuwa na marumaru. Palikuwa na meza ya mbao, ukuta wa rangi ya maziwa, na chini ya birika wametandika kanga. Niliguswa kidogo. Nikasema hawa angalau wamefanya utafiti. Kisha nikatazama ukutani.

Raia wa Nyota Tano wana pasipoti, na pasipoti yao ni soketi. Tanzania, Kenya na Uganda tumerithi soketi ya Kiingereza: tundu tatu za mstatili, moja imesimama juu na mbili zimelala chini yake, na mara nyingi swichi ndogo pembeni. Nyumba za zamani hapa Tanzania bado zina zile za tundu tatu za duara. Mashine imefundishwa kwa picha nyingi zaidi za jikoni za watu wengine, kwa hiyo isipoambiwa itakuchorea ukuta wa Marekani, wenye vipasuo viwili vilivyosimama na kitundu chini, sura ile inayofanana na mtu aliyeshtuka. Ukuta wa picha ya pili ulikuwa na watu wawili walioshtuka. Mteja aliandika yuko Singida.

Hapo hapo ufuate waya. Birika la siku hizi halina waya mwilini. Waya unatoka kwenye kitako, ile sahani ya chini, ili uweze kuliinua birika na kumimina. Katika picha hii waya ulitoka kwenye mpini, ukazunguka nyuma ya meza, na haukufika popote. Nimeona pia waya unaoingia ukutani pasipo na tundu, na birika linalotoa mvuke mzuri wenye mawimbi huku kitako chake hakina waya kabisa. Kwetu, birika linalochemka bila umeme lingetafutiwa mganga.

Baada ya waya, soma kanga. Mama mdogo ana kanga za kutosha kufungua duka, na anajua kwamba kanga bila jina ni kitambaa tu. Niliikuza picha na kusoma kwa sauti: "MAPENZI NI KIKOHOZO YAKIFICHI."

"Hiyo ni ya lini?" akauliza.

Haikuwa ya lini wala ya wapi. Mashine ilijua kwamba mahali pale pana maandishi makubwa na ikakumbuka sura ya maneno bila kujua maana yake. Usitegemee kosa hili milele, kwa sababu programu za sasa zinaweza kuandika neno kubwa sawasawa zikiagizwa. Lakini pale ambapo hakuna aliyeagiza, yaani kwenye kalenda ya ukutani, lebo ya chupa ya mafuta, namba za kipimo cha maji ubavuni mwa birika, ndipo zinapobabaika. Kwenye birika hili kipimo kilikuwa na MAX mbili, moja juu na nyingine katikati, na kati yao mistari saba isiyo na namba.

Picha ya tatu ilinishinda kwa macho. Kila kitu kilikuwa sawa: mwanga wa balbu ya kawaida, meza yenye kitambaa cha plastiki, kivuli cha anayepiga picha kwenye chuma, kama nilivyoeleza. Huyu alikuwa mtu. Nikaipeleka picha kwenye Google Lens, ambayo hutafuta picha kwa picha, na haikuleta kitu cha maana. Nilikuwa karibu kumwambia mama mdogo kwamba tumempata binadamu wa kwanza, mpaka nilipoona kipimo cha maji kimeandikwa XAM.

Herufi M, A na X zina tabia ya kufanana kushoto na kulia, kwa hiyo ukigeuza picha kama kwenye kioo neno MAX linakuwa XAM safi kabisa, na jicho lililochoka linapita bila kushtuka. Chini yake neno MIN lilikuwa NIM, lakini N ilikuwa imepinda kinyume, na ndiyo iliyowachongea. Nikaigeuza picha kwenye simu yangu, nikaitafuta upya, na mara hii ilitokea: picha halisi, ya mteja halisi, kwenye duka la mtandaoni lililoandikwa Kihispania, chini ya birika la kampuni nyingine. Muuzaji wetu aliipakua na kuigeuza ili isitambulike. Kwa hiyo ukitafuta picha usipate kitu, usishangilie kwanza. Igeuze, utafute tena. Halafu ikate, ubakize pembe moja tu yenye kitu cha pekee, utafute mara ya tatu. Picha iliyoibwa ni ya kweli kwa kila kipimo cha macho; uongo wake uko kwenye jina la mwenye nayo.

Nikafika kwenye ya nne. Hii ilikuwa imepigwa chini, juu ya mkeka uliotoboka pembeni, na fleshi ikimulika chuma mpaka kinaumiza macho. Boksi lilikuwa wazi, gundi imechanwa kwa meno au kwa kisu butu, na chini kabisa ya picha palionekana ncha ya mguu wa kulia wa kike, kidole kikubwa kimepakwa rangi ya zambarau iliyoanza kubanduka. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mwanakijiji mwenzake ughaibuni. "Mama mdogo, huyu ni mtu," nikasema. "Nyota Tano hawana miguu."

Ilikuwa kweli. Alikuwa mtu. Tatizo ni kwamba usiku ule sikupata usingizi, nikaendelea kutembea kwenye ukurasa wa duka lile, na huko nikaukuta ule mguu tena. Ulikuwa umenunua pasi. Chini kidogo ulikuwa umenunua mashine ya kusaga juisi, kisha feni ya mezani, kisha seti ya vyombo vya moto, kila mara kwa jina jingine na kutoka mkoa mwingine, juu ya mkeka ule ule wenye tundu lile lile, na rangi ya zambarau ikizidi kubanduka kwa mpangilio. Niliweza kupanga tarehe za manunuzi kwa kutazama ukucha.

Hapa tumeingia sehemu ngumu zaidi ya utaalamu huu, ile ya picha ya kupangwa. Haina mashine ndani yake, kwa hiyo soketi ni sahihi, waya unafika, na kanga inasomeka. Kitu ni halisi, simu ni halisi, mtu ni halisi. Kilichopungua ni ununuzi. Wachina wanalo neno la picha za wateja, maijiaxiu, na raha yake ni kwamba matamshi hayo hayo, kwa kubadili tu toni ya silabi ya kwanza, yanageuka kuwa maonyesho ya muuzaji. Kwao utani wa kulinganisha picha hizo mbili, gauni la tangazo na gauni lililofika, ni wa siku nyingi. Lakini kwa kuwa wauzaji waligundua kwamba watu wanaiamini ya mnunuzi, pakazuka watu ambao kazi yao ni kupiga picha za wanunuzi kwa niaba ya wauzaji, na sifa inayotafutwa ni kutokuwa nzuri sana. Fikiria mpiga picha mwenye cheti anayelipwa ili apige vibaya.

Njia nyingine ni ya kumrudishia mteja pesa. Muuzaji anamwambia mtu nunua kitu changu, kisifie kwa nyota tano na picha, kisha nitakurudishia hela yako pembeni. Mwaka 2022 kampuni ya Amazon iliwafungulia kesi wasimamizi wa makundi zaidi ya 10,000 ya Facebook, ikidai walikuwa wakiratibu sifa za aina hiyo. Marekani ikaweka kanuni mwaka 2024 inayokataza sifa bandia za wateja, zikiwemo zilizotengenezwa na akili mnemba, na faini yake inaweza kuzidi dola 51,000 kwa kosa moja. Mama mdogo aliposikia hiyo hela aliuliza kama wanaweza kuja Mbagala.

Kwetu mambo ni mepesi zaidi kwa muuzaji, kwa sababu biashara kubwa iko Instagram na kwenye WhatsApp. Huko hakuna mtu wa kati anayethibitisha kwamba aliyesifu aliwahi kununua. Muuzaji mwenyewe ndiye anayebandika skrinishoti za shuhuda, akichagua ipi ipande na ipi ifutwe, na skrinishoti ya mazungumzo unaweza kuitengeneza kwa simu mbili na dakika tano.

Basi picha ya kupangwa unaishikia wapi? Huishiki ikiwa peke yake. Nilipoiona ile ya nne peke yake niliapa kwamba ni ya kweli, na ningeapa tena. Zikusanye zote za duka zima, si za birika tu, halafu acha kutazama bidhaa. Tazama sakafu. Tazama mashuka, mistari kati ya vigae, mapazia, kucha, pete, ukingo wa meza, upande kivuli kinapoangukia. Muuzaji hubadili birika, hubadili jina, hubadili mkoa, lakini kubadili vigae vya sebuleni ni gharama. Wateja kumi na wawili wenye vigae vya aina moja huenda ni wateja wa fundi mmoja. Wateja kumi na wawili wenye ufa mmoja kwenye kigae kimoja wanaishi pamoja.

Jambo la pili ni umri wa kitu kwenye picha. Angalia kama kuna hata picha moja ya bidhaa iliyotumika. Picha za kupangwa zinapigwa siku moja, kitu kikiwa kipya, mara nyingi na nailoni yake ya kinga bado imebandikwa, kwa sababu kikishapigwa picha kinarudi kwenye boksi kwenda kuuzwa. Hakuna Nyota Tano aliyewahi kupiga picha ndani ya birika. Mtu anayelitumia ndiye anayefungua kifuniko, na baada ya wiki chache za maji ya kisima ataona vitu viwili: ukoko mweupe wa chokaa uliotandazwa chini kama unga, na kama chuma ni cha bei ya chini, madoa ya kahawia pembeni mwa sahani ya moto, pale ilipounganishwa. Ukoko si kosa la birika, ni maji yako. Madoa ya kahawia ndiyo habari. Picha mbaya ya ndani ya birika lenye ukoko ina thamani kuliko marumaru zote za Kigoma.

Lazima sasa nikiri aibu yangu, maana mwongozo usiotaja makosa ya mwandishi wake una harufu ya nyota tano. Baada ya birika nilikuwa nimekolea, nikawa naona bandia kila mahali. Kwenye duka jingine niliona mwanamke amevaa gauni la kijani, ngozi laini kama sabuni mpya, nyuma yake kumefifia kwa ukungu mzuri, na nywele zimeyeyukia hewani kwenye bega la kushoto. Nikamwandikia muuzaji kwa kiburi kwamba mteja wake hayupo duniani. Siku mbili baadaye nikakutana na gauni lile dukani kwa Mangi, likinunua mkate, na ndani yake alikuwepo jirani yangu wa nyumba ya tatu.

"Wewe ndiye uliyesema sipo?" akaniuliza.

Simu yake ndiyo iliyofanya yote. Kamera za simu nyingi siku hizi zinalainisha ngozi bila kuambiwa, na ule ukungu wa nyuma ni simu inayokisia mwisho wa mtu na mwanzo wa ukuta. Ikifika kwenye nywele inakosea, na kipande cha nywele kinafutika pamoja na ukuta. Halafu picha ikipita WhatsApp mara mbili inabanwa mpaka herufi ndogo zinakuwa uji. Kwa hiyo ngozi laini, ukungu na nywele zilizoyeyuka si ushahidi wa kitu. Maandishi yaliyovurugika ni ushahidi pale tu herufi zina kingo kali lakini hazisomeki. Zikiwa zimefifia pamoja na kila kitu kingine, ni mtandao wa bando dogo.

Usijisumbue pia na taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zile za EXIF zinazotaja simu, tarehe na mahali. WhatsApp huziondoa kwenye picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na mitandao mingi hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo kuzikosa hakukuambii chochote. Kuna alama za siri ambazo baadhi ya kampuni huzitia kwenye picha zinazotengenezwa na programu zao, mfano SynthID ya Google iliyotangazwa mwaka 2023. Ukiikuta alama, vizuri, umepata jibu. Usipoikuta, unajua tu kwamba haikutengenezwa na programu ile au ilipotea njiani. Tovuti zinazojidai kupima asilimia ya ubandia niliziacha baada ya moja kunithibitishia kwamba picha yangu ya kitambulisho ni bandia kwa asilimia 71. Mke wangu aliihifadhi.

Badala ya hayo yote, kuna kipimo kimoja cha bure. Mwombe muuzaji akupigie picha sasa hivi, birika likiwa limepinduliwa ili lebo ya chini isomeke, na kiberiti kimelala pembeni yake. Kiberiti kila duka kipo, ukubwa wake unaujua kwa mkono wako, na hakuna aliyetayarisha picha ya birika na kiberiti kabla hujaomba. Lebo inapaswa kutaja volti 220 hadi 240 na nguvu kwa wati. Mwenye mzigo atatuma ndani ya dakika tano, labda huku akinung'unika. Asiye nao ataanza kwa kukuita "mpendwa" na kukueleza kuhusu punguzo linaloisha leo usiku. Mashine inaweza kuchora kiberiti pia, ndiyo, lakini muuzaji wa Nyota Tano ni mvivu. Angekuwa na bidii angeuza mabirika.

Niliyaeleza haya yote kwa mama mdogo, na picha nne nikazikuza moja moja: mistari ya studio, soketi iliyoshtuka, XAM, mguu wa zambarau. Alisikiliza kwa heshima kubwa mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "kwani mimi nanunua soketi?"

Akalinunua. Lilifika kwa bodaboda siku ya tatu, na kwa haki ya muuzaji niseme lilichemsha maji. Wiki ya nne akafungua kifuniko akakuta ukoko mweupe, sawa, tuliutarajia, na kuzunguka sahani ya moto duara zima la kahawia. Akapiga picha kwa mkono mmoja, kifuniko kikiwa kimeshikwa kwa mkono mwingine, taa ya jikoni ikiakisi kwenye maji. Ilikuwa picha bora ya mteja niliyoona mwaka huu. Ilikuwa na kazi moja tu na iliifanya. Akaituma dukani.

Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini: "Dada, picha hii imetengenezwa na akili mnemba. Mabirika yetu hayashiki kutu."

Mama mdogo alinitazama, akaitazama simu, akavua ndala. Akaliweka birika sakafuni, akapiga nyingine, na safari hii mguu wake wote ukiwa ndani ya picha.